Mbili Iko Pande Zote: "Angalau" na "Zisizozidi" Katika Swali la Ukaguzi wa Skrubu

Mwanafunzi mmoja alinitumia picha ya ukurasa wa zoezi, imepigwa kwa simu usiku, upande mmoja umefunikwa na kivuli cha mkono wake. Swali lenyewe lilisomeka vizuri: mashine hutoa skrubu ambazo asilimia 5 huwa na kasoro. Mkaguzi anachukua skrubu 20 kwa nasibu. Tafuta uwezekano wa kupata (a) skrubu mbovu zisizozidi 2, (b) angalau skrubu 2 mbovu.

Pembeni ya maneno hayo kitabu kilikuwa kimeandika alama pia, X ≤ 2, ila kwenye picha kile kistari cha chini ya alama kilimezwa na kivuli. Yeye akasoma X < 2. Akapata 0.73584 kwa (a) na 0.26416 kwa (b), akaona jumla yake ni 1 kamili, akaridhika. Jumla hiyo ndiyo iliyonishtua mimi.

Tuanze na hesabu. Kila skrubu ina hali mbili tu, nzima au mbovu, na tunachukulia kwamba ubovu wa moja hauathiri nyingine. Hapo kanuni ya binomia inatumika:

```
P(X = k) = C(n, k) × p^k × (1 − p)^(n − k)
```

Hapa n ni 20, p ni 0.05, k ni idadi ya mbovu, na C(n, k) ni idadi ya njia za kuchagua vitu k kati ya n. Kukosa mbovu hata moja maana yake zote 20 ni nzima, yaani 0.95 kwa kipeo cha 20, ambayo ni 0.35849. Mbovu moja inaweza kuwa yoyote kati ya 20, kwa hiyo tunazidisha 20 × 0.05 × 0.95^19 na kupata 0.37735. Kwa mbovu mbili, jozi zinazowezekana ni 20 × 19 ÷ 2, yaani 190. Wengi husahau hiyo 190, wakabaki na uwezekano wa jozi moja tu iliyotajwa, ambao haufiki hata 0.001. Ukiizidisha, unapata 0.18868.

"Zisizozidi 2" inakubali 0, 1 na 2. Jumla yake ni 0.92452, na hilo ndilo jibu la (a). Alichokokotoa mwanafunzi ni uwezekano wa mbovu zisizozidi moja.

"Angalau 2" inaanzia 2 na kupanda hadi 20. Hakuna haja ya kukokotoa hatua 19 wakati zilizobaki ni mbili tu: toa 0 na 1 kutoka kwenye 1, yaani 1 − 0.35849 − 0.37735, unapata 0.26416. Kosa la kawaida hapa ni kutoa na ile ya 2 pia. Jibu linashuka hadi 0.07548, ambalo ni jibu la swali jingine kabisa: uwezekano wa mbovu zaidi ya 2. Kabla ya kutoa chochote, mimi huandika namba zinazokubaliwa na swali kwenye mstari, 2, 3, 4 na kuendelea, kisha ndipo natazama zipi zimeachwa nje.

Sasa turudi kwenye ile jumla. Mbili imo ndani ya "zisizozidi 2" na imo pia ndani ya "angalau 2". Kwa hiyo majibu ya (a) na (b) hayawezi kujumlisha 1; lazima yazidi 1 kwa kiasi cha uwezekano wa mbovu mbili kamili. Jaribu: 0.92452 + 0.26416 ni 1.18868. Ziada ni 0.18868, ile ile tuliyoipata juu. Kama jumla ingetoka 1, mbili imehesabiwa upande mmoja tu. Alama ikififia kwenye picha, amini maneno ya swali, kisha pima kwa ziada hiyo.

Jambo moja kitabu hakikulisema. Kanuni hii inadai kwamba p haibadiliki kutoka skrubu moja hadi nyingine, na hilo ni sawa mashine ikiwa inatoa maelfu. Lakini chukulia sanduku dogo lenye skrubu 40, mbili tu mbovu. Bado ni asilimia 5. Ukitoa 20 bila kurudisha, kila unayoitoa inabadilisha hali ya zilizobaki. Uwezekano wa kutopata mbovu hata moja unakuwa (20 × 19) ÷ (40 × 39), takriban 0.244, si 0.358. Wakaguzi wengi huitumia binomia pale tu sampuli isipozidi sehemu moja ya kumi ya mzigo. Hapa tumechukua nusu nzima. Na kwa mbovu zaidi ya 2, kanuni ingekupa 0.07548 bila kusita, wakati ndani ya sanduku hakuna mbovu ya tatu.