Akiba ya ubadilishaji wa sarafu katika hesabu za kundi

Kampuni tanzu ya nje hutunza vitabu kwa sarafu ya biashara yake. Kampuni mama inapoandaa hesabu za kundi, tarakimu hizo hugeuzwa ziwe katika sarafu yake, na kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 21 hakiruhusu kuzidisha kila kitu kwa bei moja. Mali na madeni hugeuzwa kwa bei ya sarafu ya siku ya kufunga hesabu. Mapato na gharama hufuata bei ya siku ya muamala, ingawa wastani wa mwaka unakubalika ikiwa bei haikuyumba sana. Kwa kuwa bei hizo hazilingani, hubaki tofauti.

Chukua kampuni tanzu inayomilikiwa kwa asilimia 100. Mwanzoni mwa mwaka mali zake baada ya kutoa madeni ni 1,000 kwa sarafu yake, na kila kizio kina thamani ya 10 kwa sarafu ya kampuni mama. Mwaka huo inapata faida ya 200 na haitoi gawio. Wastani wa bei ni 9.5, na siku ya kufunga bei ni 9.

Mwanzoni kundi lilikuwa na 10,000. Faida inaongeza 1,900, jumla 11,900. Lakini mali halisi za mwisho ni 1,200 mara 9, yaani 10,800. Pengo la 1,100 ni hasara ya ubadilishaji. Haipiti kwenye faida au hasara ya mwaka: inaonyeshwa katika mapato mengine jumuishi, kisha inalimbikizwa katika akiba yake ndani ya mtaji wa wamiliki. Sababu ni kwamba hakuna fedha iliyopotea kwa biashara ya mwaka huo. Kilichoshuka ni thamani ya uwekezaji ambao bado haujauzwa.

Kosa la kawaida ni kuichukulia akiba hii kama kijazio: mizania isipolingana, kilichopungua kinatupwa humo. Hapo salio baina ya kampuni za kundi lililokosewa, au gawio lililogeuzwa kwa bei isiyo yake, hujificha kwa miaka. Akiba ihakikiwe peke yake. Mtaji wa mwanzo, 1,000 mara (9 − 10), unatoa hasara ya 1,000. Faida, 200 mara (9 − 9.5), inatoa hasara ya 100. Jumla ni 1,100. Jibu likikataa kukutana na mizania, kosa liko kwingine. Mara nyingi ni thamani ya jina zuri la kampuni, yaani ziada iliyolipwa juu ya mali zake halisi ilipонunuliwa, iliyoachwa kwa bei ya siku ya ununuzi. IAS 21 inaihesabu kuwa mali ya kampuni tanzu, hivyo nayo huenda na bei ya kufunga na kuzaa tofauti yake.

Kampuni tanzu ikiuzwa yote, hasara iliyolimbikizwa huondolewa kwenye akiba na kuingizwa katika faida au hasara. Ikiuzwa kwa 10,800, thamani ileile ya vitabu, kundi bado litaonyesha hasara ya 1,100 kwenye mauzo, ingawa jumla ya mtaji wa wamiliki haitabadilika hata kidogo.