Dawa ya mafua na unanyonyesha: kikaratasi kinaweza kukujibu nini

Swali: Mume wangu yuko famasi kanitumia picha ya boksi la dawa ya mafua, pembeni wameandika kama unanyonyesha muone daktari kwanza. Mtoto ana wiki sita. Ndo nisinywe?

Hayo maneno peke yake hayasemi kwamba dawa ina sumu kwa mtoto. Yako kwenye maboksi mengi sana, na mara nyingi yanawekwa kwa sababu dawa haijafanyiwa utafiti wa kutosha kwa wanaonyonyesha, kwa hiyo kampuni inakurudisha kwa mtu anayekujua. Ni tofauti kabisa na kikaratasi cha ndani kikitaja wanaonyonyesha chini ya kichwa cha Contraindications, yaani watu ambao dawa hiyo haiwafai. Ukikuta uko hapo usijadiliane nayo, omba nyingine.

Ila picha ya mbele ya boksi haitoshi, pale kuna jina la biashara tu na picha ya pua. Mwambie ageuze boksi apige upande wenye viambato na miligramu, apige na kikaratasi akifungue chote, halafu wewe uzume mwenyewe usome sehemu ya Lactation, yaani kunyonyesha. Na kama wanamkatia vidonge viwili vitatu bila boksi na jina limekatwa katikati asinunue, maana hapo hakuna cha kusoma. Usitafute jina la biashara mtandaoni ukaamini umemaliza, jina moja linaweza kuwa na mchanganyiko tofauti nchi nyingine.

Swali: Nimepata picha ya nyuma. Imeandikwa Paracetamol 500 mg, Pseudoephedrine 30 mg, Chlorpheniramine 2 mg, unakunywa viwili mara tatu. Ipi ni mbaya?

Hapa ndo pazuri, sasa tunaongelea vitu vyenyewe. Parasetamo haina shida, ni ya kwanza kupewa mama anayenyonyesha akiwa na homa au kichwa. Lakini piga hesabu: vidonge viwili ni miligramu 1000, mara tatu 3000, na mtu mzima kwa siku asizidi 4000. Sa ukiwa nayo hii afu ukaongeza na Panado zako za nyumbani mbili mbili mara tatu umefika 6000 na ini lako ndo linaumia, na wengi wanafanya hivi kwa sababu hawajui parasetamo imo mle ndani.

Hiyo ya pili, sudoefedrini, ndo inayonifanya nikwambie uiache. Inafungua pua vizuri kweli, ila inapunguza maziwa. Kuna utafiti wa mwaka 2003 walipima kinamama wanane, dozi moja tu ya miligramu 60, ambayo ndo vidonge vyako viwili, na maziwa yakashuka wastani wa asilimia 24 ndani ya siku ile. Ni watu wachache, sawa, lakini wewe una mtoto wa wiki sita na maziwa bado hayajakaa sawa. Na hili vikaratasi vingi havikwambii, vinaandika kwamba dawa inapita kidogo kwenye maziwa basi, wakati hapa shida kubwa ni yale maziwa yenyewe kupungua.

Klorofeniramini inaleta usingizi, wewe na pengine mtoto pia, na ikiwa pamoja na sudoefedrini ndo maziwa yanazidi kuwa hatarini. Kwa hiyo mwambie mume akuchukulie parasetamo tupu na matone ya maji chumvi ya puani.

Kikaratasi kimekumalizia viambato, kipimo na nani asitumie. Umri wa mtoto, kama alizaliwa njiti, kama una presha, hakivijui. Hayo mwambie mfamasia kwa mdomo wako, hata kama foleni ni ndefu.

Swali: Na kama nilishakunywa viwili jana usiku kabla sijasoma?

Endelea kunyonyesha, usikamue ukamwaga. Usiongeze dozi nyingine, mweke kwenye ziwa mara nyingi zaidi leo na kesho, dozi moja haikaushi maziwa moja kwa moja. Angalia nepi, mtoto wa umri huo analowesha sita au zaidi kwa siku nzima. Akiwa analia tu hatulii na hapati usingizi, inaweza kuwa ni sudoefedrini na itaisha yenyewe. Lakini akiwa analala hadi unamwamsha kwa shida, au hanyonyi, au anapumua vibaya, usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali na boksi ulibebe, sio picha tu.