Sikio la Mwenye Kisukari Halikuziba Nta

Kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja aliketi mbele yangu mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi, akaniinamishia kichwa na kuniambia, "Daktari, nisafishie masikio, yameziba." Wa tatu huyu alikuwa mama wa miaka 54, mpika mahamri wa mtaa wa Shela hapa Malindi. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ametia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kwa siku nne mfululizo, akachokora kwa njiti ya pamba, kisha akanunua matone ya kulainisha nta. Nilipomulika ndani niliona njia ya sikio safi, ngozi imechubuka kwa ile njiti, na kiwambo cha sikio kinang'aa pande zote mbili.

"Mama, humu hamna kitu cha kutoa."

"Basi mbona nawasikia watu wakisema, lakini sifahamu wasemalo?"

Swali hilo ndilo utambuzi wenyewe. Nta hupunguza sauti zote, na msemaji akipaza sauti maneno hurudi yakiwa kamili. Yeye alikuwa akipayukiwa bila faida. Binti yake alieleza kwamba mteja akitaka mahamri sita hupewa tisa, na akitaka tisa huhesabiwa sita. Yatazame maneno hayo mawili: vokali zake ni zile zile, i na a, na tofauti yote imebebwa na s na t, ambazo ni sauti nyembamba na dhaifu. Mama yule alikuwa akisikia vokali na kubahatisha konsonanti. Kipimo cha usikivu kilionyesha hivyo hivyo katika masikio yote mawili: kwenye sauti nzito ya hezi 500 alisikia desibeli 20, ambayo ni kawaida, lakini kwenye sauti nyembamba ya hezi 4,000 alihitaji desibeli 60. Nilipompimia mtetemo kupitia mfupa wa nyuma ya sikio, nilipata upungufu ule ule. Maana yake ni kwamba njia ya sauti ilikuwa wazi na hitilafu ilikuwa ndani, kwenye koklea.

Koklea ni mrija uliojiviringa kama konokono, wenye urefu wa takriban milimita 35 ukinyooshwa. Damu yake huletwa na ateri moja nyembamba, isiyofika upana wa milimita moja, inayotokana na mishipa ya ubongo na kupita ndani ya mfupa pamoja na neva ya usikivu. Ateri hiyo haina msaidizi wa kutegemewa. Kidole kikikosa damu upande mmoja hupata upande wa pili, lakini koklea haina upande wa pili. Kwenye ukuta wa mrija huo kuna ukanda uliojaa kapilari ambao kazi yake ni kama ya betri: husukuma potasiamu kwenye majimaji ya ndani na kudumisha umeme wa takriban milivolti 80. Umeme huo ndio unaoziendesha seli za vinyweleo, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa neva.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, hushikamana na protini za kuta za kapilari. Utando wa chini ya kuta hizo hunenepa, nafasi ya damu hupungua, na oksijeni huchelewa kupenya. Ni madhara yale yale tunayoyaona kwenye figo na retina, ila daktari wa macho anaweza kuiona mishipa ya retina kwa macho yake, nami siwezi kuiona ya koklea, kwa sababu imefungiwa katika mfupa mgumu kuliko yote mwilini. Tunayoyajua kuhusu ukanda ule yametoka zaidi kwa wanyama na kwa mifupa ya marehemu. Betri ikidhoofika, seli za nje za vinyweleo, ambazo hukuza sauti, hupoteza nguvu. Kwa kuwa sauti nyembamba hutegemea ukuzaji huo kuliko sauti nzito, ndizo zinazotangulia kupotea. Haya ndiyo maelezo ninayoyaamini, ingawa vitabu vya zamani vilifundisha kwamba ukanda ukifa, usikivu hushuka sawasawa kwa sauti zote, na wagonjwa wangu wengi hawafuati mafundisho hayo.

Presha huhitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu dhana iliyopo huniudhi. Watu husema, "Damu yangu ni nyingi, itakosaje kufika sikioni?" Presha haipimi wingi wa damu. Mshipa mdogo unaopigwa na msukumo mkubwa kila siku hujilinda kwa kunenepesha ukuta wake, na ukuta ukinenepa kuelekea ndani, tundu huwa dogo. Wembamba wa tundu huadhibu vikali, kwani tundu likipungua upana kwa nusu, mtiririko hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi na sita kwa msukumo ule ule. Hivyo presha inaweza kusoma 170 kwa 100 kwenye mkono, huku kapilari za sikio zikipungukiwa.

Hata hivyo ni lazima niseme kwamba ushahidi wa kisukari ni imara kuliko wa presha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba upungufu wa usikivu ulienea kwa wenye kisukari takriban maradufu ya ulivyoenea kwa wasio nacho. Kwa presha peke yake matokeo yanapingana, na kuitenganisha na umri, kelele na dawa ni kazi ngumu. Nahodha wa boti ya mashine mwenye presha simwambii kwamba presha ndiyo iliyomharibu, kwa sababu injini nayo huharibu sauti nyembamba. Mama wa mahamri hakuwahi kufanya kazi kwenye kelele, hakuwahi kudungwa jentamaisini, antibiotiki inayoweza kuharibu sikio, na HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ilikuwa asilimia 10.4 baada ya miaka 11 ya kisukari. Umri umechangia, sikatai, lakini kwa miaka 54 desibeli 60 ni nyingi mno.

Dhana ya nta huwa hatari kabisa sikio moja linapozimika ghafla. Mwaka jana mzee mwenye kisukari na presha aliamka sikio la kushoto likiwa limeziba, akatiwa matone ya nta kwenye duka la dawa, na akaja kwangu siku ya 19. Nilimwambia afunge mdomo na kuguna "mmm" kwa sauti nzito. Nta ingeivuta sauti hiyo upande ulioziba. Yeye aliisikia upande wa kulia, uliokuwa mzima. Huo ni ugonjwa wa ndani ya sikio, na vidonge vya steroidi ya prednisoloni hutakiwa kuanza ndani ya siku chache, huku sukari ikipimwa kila siku kwa kuwa dawa hiyo huipandisha. Asiyeweza kuimeza hudungwa steroidi kupitia kiwambo. Wapo wanaopona bila dawa, na kwa hiyo sina hakika kwamba angepona hata kama angekuja siku ya kwanza. Hakupona.

Mama wa Shela nilimrudisha kliniki ya kisukari, nikamwandikia vifaa vya kusaidia kusikia vinavyokuza sauti nyembamba tu. Baada ya miezi sita HbA1c ilikuwa 7.6, na mstari wa usikivu ulikuwa pale pale. Binti yake alisikitika, akidhani sukari ikishuka masikio yatafunguka. Seli za vinyweleo za binadamu hazioti tena, na mstari uliosimama ndio matokeo niliyokuwa nikiyataka. Wateja sasa humwonyesha idadi kwa vidole.