Ofa Ikiisha, Duka Linabaki na Nini? Dhana Potofu Kuhusu Chapa na Kampeni

Dada mmoja anauza dagaa wa pakiti Buzuruga, hapa Mwanza. Duka lilikuwa na miezi mitano alipotangaza ofa ya wiki mbili. Ofa ilipokwisha akanipigia simu: "Kaka, brandi yangu imekufa." Nilimwambia kilichokwisha ni kampeni, na kwamba chapa yake ilikuwa imeumia kwa sababu nyingine kabisa. Ilibidi tukae na daftari.

Dhana: Watu wakijaa dukani wakati wa ofa, jina limeshakua.

Ukweli: Kampeni ni kazi yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na ina bajeti yake. Chapa ni kile mteja anachotegemea kukipata akisikia jina lako, hata siku ambayo hujatangaza chochote. Ya dada huyu ilikuwepo kabla ya ofa, ingawa hakuijua. Watu walielekezana hivi: "Nenda kwa yule wa dagaa wasio na mchanga." Alikuwa akichukua dagaa waliokaushwa kwenye chanja, si wale wanaoanikwa chini ufukweni.

Sasa hesabu. Pakiti ya nusu kilo ilimgharimu shilingi 3,500 naye akaiuza 5,000. Kwa siku ziliuzwa pakiti 20, faida 30,000. Kwenye ofa alishusha bei hadi 4,000, zikauzwa 60 kwa siku. Duka lilionekana kama mwaloni Kirumba asubuhi, lakini faida ya pakiti ilikuwa 500 tu, kwa hiyo ni 30,000 ileile. Gari la matangazo na vipeperushi vikala 180,000.

Hiyo si hasara ya kulia. Kwa 180,000 alipeleka pakiti 560 za ziada majumbani mwa watu, na kazi ya kampeni ni hiyo: kumfanya mtu ajaribu. Baada ya ofa mauzo yalishuka hadi 14 kwa siku, na hata hilo kwa sehemu ni la kawaida, kwa sababu wateja wa zamani walikuwa wamejaza makopo yao kwa bei ya chini. Ukipima wiki ya kwanza baada ya ofa utajitisha bure. Ngoja mwezi, kisha hesabu wapya waliorudi kununua kwa bei kamili.

Tulipitia miamala ya simu. Wapya 70 walikuwa wamelipa kwa njia hiyo, na waliorudi ndani ya mwezi walikuwa 6.

Hapo ndipo nilipomuuliza mzigo wa ofa aliupata wapi. Akanyamaza kidogo. Ofa ilikuwa imeangukia mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti vizuri, wavuvi wengi hupumzika na mzigo huadimika. Wa chanja walipomwishia, akajazia na wa mchangani ili foleni isivunjike. Kwa hiyo gari lilipita mtaani likiita watu waje kuonja mchanga. Kampeni haichagui, hutangaza kilichomo kwenye pakiti siku hiyo.

(Mzigo unaoutilia shaka, loweka konzi moja kwenye bakuli la maji, tikisa, kisha angalia chini. Utaona mwenyewe.)

Dhana: Nimechora nembo na kusajili jina BRELA, basi chapa ninayo.

Ukweli: Nembo ni alama ya kumkumbusha mtu jambo, kama hana la kukumbuka, ni mchoro tu. Na usajili nao una ngazi. Kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara, ingawa vyote hufanyika BRELA kwa upande wa Tanzania Bara. Jina la biashara linakutambulisha wewe mfanyabiashara, ilhali alama ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asiibandike kwenye bidhaa za aina yako. Alama husajiliwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Duka la miezi mitano linaweza kusubiri, ila usidhani tayari umelindwa.

Dhana: Bidhaa nzuri hujiuza, kampeni ni kutupa hela.

Ukweli: Hujiuza kwa waliokwisha kuionja. Aliyehamia Nyakato wiki iliyopita hajui kuna tofauti ya chanja na mchanga.

Dada alirudia kampeni baada ya miezi mitatu, safari hii kwa siku tano tu, katika kipindi cha usiku wa giza, na mzigo wa chanja akiwa ameulipia mapema. Bei hakushusha. Aliweka bakuli la maji mlangoni, mteja analoweka mwenyewe. Siku ya nne mzigo uliisha saa nane mchana, akafunga mlango.