Darasa la watoto 72 na dhana ya sauti kubwa

Wiki hii nimekaa banki ya nyuma katika madarasa sita, Kadutu na Ibanda, hapa Bukavu, nikifuatilia mastajieri wetu, vijana wanaojifunza ualimu. Wanne kati yao, tulipotoka nje baada ya somo, walianza kwa maneno yaleyale: "Papa, sauti yangu ni ndogo, watoto hawanisikii." Maneno haya nimeyasikia kila mwaka wa staji, na kila mwaka naona mwisho wake. Ikifika wiki ya pili stajieri amekauka koo, anatafuna tangawizi asubuhi na mchana, na darasa linapiga kelele kuliko siku ya kwanza. Safari hii nimeona niandike, nikijibu dhana zao moja moja.

Madarasa yetu yamejaa, hilo halina ubishi. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwezi wa Septemba 2019, mtoto anayeketi wa nne kwenye banki ya watu watatu ni jambo la kawaida hapa Bukavu. Lakini dawa wanayoishika vijana wetu ndiyo inayoongeza ugonjwa.

"Mwenye sauti kubwa ndiye anayetuliza darasa"

Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila muuza soko analijua mwilini: mtu akizungukwa na kelele, hupandisha sauti yake bila kukusudia. Watoto nao ni watu. Ukipaza sauti juu ya mazungumzo yao, kwao sauti yako ni kelele nyingine, nao wanapanda ili jirani awasikie. Unapanda tena, wanapanda tena. Hakuna koo la mtu mmoja litakaloshinda makoo 72.

Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo linanikera zaidi. Stajieri anadhani kelele imetokana na utundu. Siku akikaa nami nyuma akasikiliza wanachosema watoto, atagundua kwamba sehemu kubwa ni maswali. Wanaulizana mwalimu amesema nini.

Chukua somo la Jumanne, darasa la nne, watoto 72 kwenye banki 18, wanne kila moja. Somo ni mzingo wa mstatili. Stajieri, binti mwenye maandalizi mazuri, alieleza kanuni vizuri kabisa, na darasa lilikuwa limetulia. Kisha akageukia ubao kufuta mchoro, na huku anafuta akasema kwa pumzi moja: "Sasa mtoe rula, mpime kaye zenu urefu na upana, muandike, mtafute mzingo, mfanye wawili wawili, asiye na rula aombe jirani, mkimaliza mlete kwangu. Mmeelewa?" Wote wakajibu: "Ndiyooo!"

Nilikuwa nimeshika biki. Hizi ndizo sentensi nilizoandika kutoka banki tatu zilizokuwa karibu nami katika dakika ya kwanza: "Kaye gani, ya hesabu?" "Tufungue ao tufunge?" "Wewe uko na nani?" "Tuandike wapi?" "Alisema tuanze na upana?" Hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa anacheza. Kwenye banki ya watoto wanne, "wawili wawili" iliwafanya wawili wa katikati washikane, na wale wa pembeni wakabaki wakinyanyuka kutafuta mwenza banki nyingine. Neno "mtoe rula" lilipotamkwa, mikono ilishaingia ndani ya mifuko, na yote yaliyofuata yalisemwa juu ya mshindo wa vitu. Na ile "mlete kwangu" ilileta watoto wapatao 20 mbele kwa mara moja, wakisukumana.

Majibu ndiyo yaliyoonyesha ukweli. Kaye yetu ya kawaida ina sentimita 17 kwa 22, kwa hiyo mzingo ni 78. Karibu nusu ya watoto waliandika 112. Walipiga hesabu sawasawa: walipima kaye ikiwa imefunguliwa, 34 kwa 22. Hakuna aliyewaambia waifunge. Stajieri alisahihisha hesabu zao kwa sauti ya kupasuka, wakati kosa lilikuwa kwenye agizo.

Jioni tuliketi na fishi yake ya maandalizi ya somo. Kwenye safu ya shughuli za mwalimu alikuwa ameandika "kutoa maagizo ya zoezi", basi. Nimechoka na sentensi hiyo. Maagizo yanaandikwa kwenye fishi neno kwa neno, jinsi yatakavyotamkwa, na mimi napenda yawe kwa biki nyekundu ili jicho liyaone haraka. Ukishayaandika, utayahesabu. Yake yalikuwa saba. Mtoto wa miaka tisa hashiki saba, na hata sisi kwenye mkutano wa walimu tungeuliza jirani.

Kesho yake alirudia somo katika darasa sambamba, watoto 70. Hivi ndivyo tulivyopanga.

Kabla ya somo aliwafundisha ishara: yeye anapiga makofi matatu, wao wanarudisha matatu, mikono inabaki juu ya banki. Walifanya mazoezi mara tatu, kama wimbo. Ishara isiyofundishwa haifanyi kazi, na wengi wanaruka hatua hii.

Wakati wa zoezi alisimama mahali pamoja, kushoto kwa ubao, uso kwa watoto, chaki amekwisha kuiweka chini. Akapiga makofi, wakarudisha. Akangoja. Nilihesabu mpaka saba kimyakimya. Hapa ndipo stajieri huvunjika: anaona 60 wametulia, anaanza kusema juu ya wale kumi, na ishara inakufa siku hiyohiyo, kwa sababu watoto wamejifunza kwamba mwalimu husema hata wasiponyamaza. Yeye alitembea hatua mbili kuelekea banki iliyokuwa bado inanong'ona, bila kutaja jina la mtu, na banki ikanyamaza.

Kisha akaongea kwa sauti ya chini kuliko ile ya kufundishia. "Kaye ya hesabu iwe juu ya banki, imefungwa. Vingine vyote ndani." Akangoja ifanyike, akaangalia. Rula hazikuwa zimeguswa bado. Akainua kaye yake, akaonyesha kwa kidole: upande huu mrefu, upande huu mfupi. Akaonyesha kwa mikono jinsi banki inavyogawanyika: wawili wa kushoto pamoja, wawili wa kulia pamoja. Ubaoni aliandika vitu vitatu tu: *urefu, upana, mzingo*, kila kimoja na nafasi ya jibu. Hakuuliza "Mmeelewa?" Aliuliza mtoto wa banki ya mwisho: "Unapima kaye iliyofunguliwa ao iliyofungwa?" Akauliza mwingine karibu na dirisha: "Mwenzako ni nani?" Yule wa dirishani alikosea, naye akarekebishwa kabla ya kazi kuanza. Mwisho akasema: "Ukimaliza, weka biki chini, mimi ninakuja kwako. Toeni rula. Anzeni."

Kutoka makofi mpaka "anzeni" ilikuwa chini ya dakika tatu. Siku ya kwanza maagizo yalichukua nusu dakika, na fujo yake ikala dakika tisa. Kelele ilikuwepo siku ya pili pia, watoto 70 wanaopima kaye hawawezi kuwa kimya, lakini nilichosikia nyuma kilikuwa "ishirini na mbili" na "wewe hukuanzia kwenye sifuri".

Wakati kazi inaendelea, ukitaka kuongeza neno, usilitupe juu ya vichwa vyao. Ama unarudi kwenye makofi, mahali palepale, na unangoja, ama unaliacha. Nyongeza tatu au nne za "Eeh, nimesahau, sikilizeni" zinaua somo zima.

"Ndiyooo maana yake wameelewa"

Ndiyooo ni salamu. Watoto wetu wanaijibu hata ukiwauliza kama wameelewa Kichina. Swali la kuhakikisha linataka jibu moja dogo ambalo mtoto anaweza kulikosa: ukurasa gani, peke yako ao na jirani, unaandika wapi. Uliza wawili ao watatu, na usiwachague wale wa mbele wanaoinua kidole.

"Shefu wa darasa aandike majina ya wapiga kelele"

Hapana. Unapata orodha ya watoto ambao shefu hapatani nao, na ubishi mpya juu ya orodha hiyo. Mpe shefu kazi ya kugawa kaye kwa safu.

"Banki zimejaa, vikundi haviwezekani"

Vikundi vya kuzunguka darasa, kweli haviwezekani, na stajieri asijaribu. Lakini wawili wa banki ya mbele wakigeuka nyuma, wanakutana na wawili wa banki ya pili, na hakuna mtu aliyeinuka. Banki mbili zinatoa vikundi viwili vya watu wanne. Wape alama kwa mkono, banki ya kwanza, ya tatu na ya tano ndizo zinazogeuka, na wafanye zoezi la kugeuka tupu mara moja kabla ya kuwapa kazi. Mahali ambapo watoto watano wanabanana kwenye banki moja, baki na wawili wawili na yule wa tano awe wa tatu mahali unapopataja wewe. Usiwaachie wao.

"Madarasa ya juu, agizo lazima liwe Kifaransa kirefu ili mkaguzi aridhike"

Somo liwe Kifaransa. Agizo liwe Kifaransa kifupi, kitenzi mbele, mkono ukionyesha, halafu umwombe mtoto mmoja aliseme kwa Kiswahili. Ndani ya sekunde kumi utajua kama limefika. Sijawahi kumtoa stajieri pointi kwa hilo. Nimewatoa wengi kwa sentensi ya mistari mitatu iliyosomwa kutoka kwenye fishi na kichwa chini.

"Mvua ikipiga mabati, somo limekwisha"

Hii nayo naisikia kila Novemba. Mvua kubwa ikishuka, usishindane nayo hata dakika moja, utaumia koo bure. Badili njia. Kila stajieri wangu anabeba kwenye fishi zoezi moja la mvua: kazi ya kimya inayosomeka yote ubaoni, ikiwa na mfano mmoja uliokwisha kufanywa hatua kwa hatua. Unaandika kwa herufi kubwa. Unaonyesha mfano kwa kidole. Kidole mdomoni ni "peke yako", vidole viwili ni "na jirani", na hivyo viwe vimefundishwa siku ya jua. Halafu unapita kati ya safu ukisahihisha kwa biki, banki kwa banki, ukianzia nyuma.