Digrii Inalipa? Dhana Zinazovuruga Hesabu

Tumchukue kijana wa miaka 18 aliyemaliza sekondari. Kazi anayoweza kupata sasa inalipa kiasi fulani kwa mwaka; kiasi hicho tukiite 100, kila msomaji aweke fedha yake mwenyewe. Akienda chuo miaka minne, ada ni 40 kwa mwaka. Akihitimu atalipwa 150, na atafanya kazi mpaka miaka 60. Mfumuko wa bei na kodi tuviweke kando.

Dhana: Gharama ya chuo ni ada.

Ada ya miaka minne ni 160. Lakini katika miaka hiyo kijana hayupo kazini, kwa hiyo ameacha mishahara minne ya 100. Gharama halisi ni 560, na ada haifiki hata theluthi yake. Ndiyo maana chuo cha bure si cha bure: hata ada ikifutwa yote, 400 bado zinatoka mfukoni mwake, ingawa hakuna risiti ya kuzionyesha.

Wengine hukosea upande wa pili, wakajumlisha chakula na pango lote la miaka minne. Angekula na kulala mahali hata kama angekuwa kazini, tena kwa mshahara ule ule tuliokwisha kuuhesabu. Kinachoingia ni ile ziada tu, kama chumba cha karibu na chuo ni ghali kuliko pale ambapo angekaa.

Dhana: Jumlisha nyongeza ya maisha yote, toa gharama, basi.

Hesabu hii ndiyo inayopendwa kwenye matangazo ya vyuo. Nyongeza ya 50 kwa miaka 38 ni 1,900. Toa 560, zinabaki 1,340. Nani akatae?

Tatizo ni kwamba gharama zinalipwa mwanzoni, na faida inakuja kidogo kidogo kwa karibu miaka 40. Fedha ya leo ingeweza kuwekwa mahali ikazaa, au kuzuia mkopo usizae riba. Kama fedha yako inaweza kuzaa asilimia 5 kwa mwaka, basi 50 utakayopata baada ya miaka 30 haifiki 12 kwa thamani ya leo, kwa sababu 12 ukiziweka leo zitakuwa zimepita 50 kufikia wakati huo. Ukiirudisha kila nyongeza na kila gharama kwenye thamani ya leo kwa namna hiyo, nyongeza zote zinakuwa 729 hivi na gharama 521. Faida ni 208, wala si 1,340. Bado ni faida, lakini ya saizi nyingine kabisa.

Sasa mfikirie anayekopa kwa riba ya asilimia 10. Kwa kiwango hicho nyongeza zina thamani ya 366 na gharama 488, yaani anapata hasara ya zaidi ya 120 kwa digrii ile ile. Mpaka uko karibu na asilimia 7.5: fedha yako ikikugharimu chini ya hapo, chuo kinalipa, ikizidi, hakilipi. Nadhani namba hii moja inafaa kuliko jumla yoyote ya mamilioni utakayopata maishani, kwa sababu unaweza kuilinganisha moja kwa moja na riba ya mkopo uliopewa.

Dhana: Tofauti ya mishahara yote imeletwa na digrii.

Wanaoingia chuo mara nyingi ni wale ambao wangefanya vizuri hata bila chuo. Wachumi wamebishana sana hapa. Mwaka 1994 Orley Ashenfelter na Alan Krueger walichapisha utafiti uliolinganisha mapacha wanaofanana waliosoma miaka tofauti, wakaona kwamba elimu yenyewe inaongeza kipato kweli. Lakini huo ni wastani, na wewe hulipwi wastani. Ikiwa kwa fani yako nyongeza ni 35 badala ya 50, hata kwa asilimia 5 unaingia hasara ndogo, kama 11. Kwa hiyo ulizia mshahara wa waliosoma kozi hiyo hiyo, pamoja na muda waliokaa bila kazi.

Dhana: Nimeshalipa miaka miwili, siwezi kuacha.

Hitimisho huenda ni sahihi, ila sababu si hiyo. Ada iliyolipwa hairudi, uendelee au uache, kwa hiyo haimo tena kwenye hesabu. Iliyobaki ni miaka miwili ya gharama, karibu 273 kwa asilimia 5, dhidi ya nyongeza ambayo sasa iko karibu zaidi. Hata ile nyongeza ndogo ya 35 ina thamani ya 562 ukiwa hapo katikati. Kozi ambayo haikustahili kuanzwa inaweza kabisa kustahili kumalizwa, mradi mitihani unafaulu: nyongeza yote hii inadhani cheti kitapatikana.