Bajeti ya gesti Moshi: yanayoaminika na yanayoonekana kwenye hesabu

Mtu akitaka kufungua gesti Moshi mjini, swali la kwanza huwa "chumba utauza bei gani?" Bei ni muhimu, lakini naona wengi wanaikosea bajeti mahali pengine kabisa: wanachukua bei, wanazidisha kwa vyumba, wanazidisha kwa mwezi, kisha wanakata kidogo kwa ajili ya siku mbaya. Tuchukue gesti ya vyumba 10, jengo la kupanga, bei ya ubaoni shilingi 50,000 pamoja na kifungua kinywa. Takwimu zote hapa chini ni za mfano huu. Weka zako, njia ni ileile.

Dhana: vyumba vikijaa kwa nusu tu kila mwezi, mambo yanakwenda

Vyumba 10 kwa siku 365 ni malazi 3,650 ya kuuza, tukihesabu chumba kimoja kwa usiku mmoja kuwa lazi moja. Hesabu vyumba, si vichwa. Wageni wawili kwenye chumba kimoja ni lazi lilelile.

Sasa ugawe mwaka kama Moshi inavyoishi. Januari na Februari wapanda mlima wapo, na Julai mpaka Septemba wapo zaidi. Desemba huanza taratibu, kisha Wachaga wanarudi nyumbani na mji unafurika. Miezi hiyo sita tukadirie asilimia 70. Machi, Juni, Oktoba na Novemba tukadirie asilimia 45. Aprili na Mei masika yanashika, njia za mlimani zinakuwa matope, kampuni nyingi zinapumzisha wapagazi wao. Hapo weka 20.

Jumla inakuwa malazi 1,945, yaani asilimia 53 ya mwaka. Nusu na ushei, kama ilivyodhaniwa! Lakini hakuna mwezi hata mmoja uliokaa kwenye 53. Wastani huo hauwezi kulipa mshahara wa Mei.

Dhana: chumba cha 50,000 kinaingiza 50,000

Chukua malazi 10 yoyote ya kawaida. Manne yamekuja kupitia mtandao wa kuweka nafasi, na kamisheni ikiwa asilimia 15 unabaki na 42,500 kwa kila moja. Matatu yameletwa na kampuni za kupandisha watalii, ambazo umezipa bei yao ya 40,000. Matatu ni watu waliobisha hodi wenyewe, wakaomba wapunguziwe mpaka 45,000. Ukijumlisha na kugawanya, wastani ni 42,500.

Bado. Mgeni akilala, kuna mayai, mkate, matunda na chai, 6,000. Kuna kufua shuka na taulo, sabuni na karatasi za chooni, 3,000. Maji ya moto na umeme wa chumbani, 2,500. Kinachobaki kulipia nyumba ni 31,000. Hii ndiyo namba ya kuibandika ukutani ofisini, kwa sababu maamuzi yote yaliyobaki yanatoka kwake.

Dhana: wageni wakipungua, gharama nazo zinapungua

Zinapungua zile 11,500 za mgeni aliyelala, basi. Mlinzi analinda gesti tupu kwa mshahara uleule. Katika mfano wetu mishahara ya watu sita pamoja na michango ya mwajiri ya NSSF na WCF ni milioni 1.5 kwa mwezi. Kodi ya jengo ni milioni 1.2. Intaneti na king'amuzi 250,000. Taa za nje, pampu na friji 200,000. Matengenezo na akiba ya magodoro na shuka mpya 350,000. Leseni, vyeti vya zimamoto, bima na makadirio ya TRA, ukiyagawa kwa miezi 12, 300,000. Jumla milioni 3.8 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Gawanya 3,800,000 kwa 31,000: unahitaji malazi 123 kwa mwezi ili usidaiwe, karibu asilimia 41. Miezi ya asilimia 45 inapita kwa kukwaruza. Aprili na Mei kwa pamoja zinaleta malazi 122 tu, karibu milioni 3.8, wakati zinahitaji 7.6. Pengo ni milioni 3.8, gharama za mwezi mzima.

Mwaka mzima bado una faida ya kama milioni 14.7. Hapo ndipo wengi hufunga daftari wakiwa wameridhika, na hapo ndipo ningewasihi wasifunge, kwa sababu kodi ya jengo hailipwi mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Mkataba ukiwa umeanza Novemba, awamu ya pili ni Mei: milioni 7.2 kwa mkupuo, katikati ya masika. Ongeza gharama nyingine za Aprili na Mei, milioni 5.2, toa ile 3.8 iliyoletwa na wageni. Unatakiwa uwe na milioni 8.6 kutoka nyuma.

Januari mpaka Machi, kabla ya kodi ya jengo, zinakuachia kama milioni 9.3. Zinatosha kwa shida, endapo hujazigusa. Lakini Januari ni mwezi wa ada za shule, na Februari pesa ikionekana nyingi ndipo mtu anapomwita fundi aongeze vyumba viwili nyuma. Gesti yenye faida inakopa Mei kwa sababu hiyo. Kabla ya kusaini mkataba, omba awamu ziangukie Februari na Agosti. Wenye nyumba wengi hujali kulipwa kwa wakati kuliko mwezi wenyewe.

Dhana: Krismasi na Kili Marathoni zinabeba mwaka

Wikiendi ya mbio ni usiku tatu za kujaa, malazi 30. Krismasi mpaka mwaka mpya tuseme siku 10, malazi 100. Kwa 31,000 hiyo ni kama milioni 4. Inaziba shimo la masika, lakini hata ukipandisha bei kidogo haizidi sana hapo.

Dhana: kuuza chini ya gharama ni hasara siku zote

Familia kutoka Same ina mgonjwa KCMC, inaomba chumba kwa wiki mbili Aprili kwa 25,000. Ukigawa gharama zote za mwaka kwa malazi 1,945, kila lazi linakugharimu karibu 35,000, na wengi wanakataa kwa hesabu hiyo. Ila chumba hicho Aprili kingelala tupu. Familia hiyo inakuongezea gharama ya 11,500 tu, pungufu kama hawahitaji kifungua kinywa, kwa hiyo kila usiku unabaki na 13,500. Kwa siku 14 ni 189,000 ambazo zisingekuwepo. Wageni wa hospitali hawafuati msimu wa mlima, na nadhani gesti za Moshi zinawapuuza mno.

Kushusha bei kwa wote ni jambo lingine. Ukiikata ile 42,500 kwa asilimia 10, kinachobaki kinashuka kutoka 31,000 hadi 26,750, na malazi ya kukutoa kwenye deni yanapanda kutoka 123 hadi 143 kwa mwezi. Kwa hiyo bei ya masika iwe na masharti: siku saba na kuendelea, malipo mbele, na tarehe ya mwisho, 31 Mei, iandikwe kwenye risiti, ili kampuni isije kuidai Julai.